Kujizimia na kujiwashia kwa pampu ya tangi kwa floti na relei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yote yanahusu mfumo mmoja: una tangi la chini linaloingiza maji taratibu, una pampu, una tangi la juu. Unataka pampu ijiwashe tangi la juu likipungua, ijizime likijaa, na isikubali kuwaka kama chini hakuna maji. Hakuna kompyuta humu ndani, ni floti tatu, relei mbili, adapta ya volti 12 na dayodi mbili, basi.

Hizo floti tatu kila moja inafanya nini?

Tuzipe majina kabisa tusije tukachanganyana huko mbele. F1 iko tangi la juu upande wa chini, ndiyo inayosema "maji yamepungua, washa". F2 iko tangi la juu karibu na mdomo, inasema "imejaa, zima". F3 iko tangi la chini, kazi yake ni kuzuia pampu isizunguke kavu.

Relei ya kwanza tuiite R1, hii ni ndogo, ya miguu 8, yenye pea mbili za kontakti, na ndiyo inayokumbuka kama pampu iko kwenye safari ya kujaza au imepumzika. R2 ni relei kubwa ya ampia 30 yenye koili ya volti 12, hii ndiyo inabeba umeme wa pampu.

Kwani floti moja tu pale juu haitoshi? Ikishuka iwashe, ikipanda izime

Hapa ndipo wengi wanapoungua, kwa hiyo tupige hesabu kidogo. Chukua tangi la lita 1000 lenye kipenyo cha mita 1.1. Eneo la maji yake ni kama mita za mraba 0.95, maana yake kila sentimita moja ya kimo ni lita 9.5. Pampu yako tuseme inapandisha lita 30 kwa dakika.

Zile floti ndogo za plastiki zenye sumaku ndani (kijiti chembamba na kidude cha duara kinachopanda na kushuka) zinabadilika ndani ya sentimita moja hivi. Sasa mtu akifungua bomba, maji yakashuka sentimita moja, pampu inawaka, inarudisha lita 9.5 ndani ya sekunde 19, inazima. Mwingine ananawa, inawaka tena. Nyumba ikitumia lita 570 kwa siku hiyo pampu imewaka mara 60. Na mota haichoki sana kwa kuzunguka, inachoka kwa kuanza, maana ile sekunde ya kwanza inavuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida na joto lote hilo linaingia kwenye waya wa mota, kwenye kapasita na kwenye kontakti za relei.

Sasa weka F1 kwenye kimo cha sentimita 35 kutoka chini ya tangi na F2 kwenye sentimita 95. Kati yao kuna sentimita 60, yaani lita zilezile 570. Pampu inawaka mara moja, inafanya kazi dakika 19, inapumzika mpaka maji yashuke tena hadi F1. Maji ni yaleyale, umeme ni uleule, ila kuanza ni mara 1 badala ya 60. Hiyo ndiyo sababu ya floti ya pili na relei ya kukumbuka.

Sawa, nionyeshe waya zinapita wapi

```
+12V -- F3 -- F2 --+-- F1 ---+-- koili R1 -- 0V
                   |         |
                   +-- R1a --+

+12V -- R1b -- koili R2 -- 0V
LAIVU -- kontakti R2 -- pampu -- NYUTRO
```

R1a na R1b ni zile pea mbili za kontakti za relei ndogo, na zote mbili unatumia upande wa NO, yaani ule ambao uko wazi relei ikiwa imelala. Athi ya pampu inaenda moja kwa moja, haipiti kwenye swichi yoyote.

Soma mstari wa kwanza kama njia ya kupita. Kufunga hapa maana yake ni kupitisha umeme. Umeme hauwezi kufika kwenye koili mpaka F3 ifunge (chini kuna maji) na F2 nayo ifunge (juu hakujajaa). Hizo mbili ni mageti. Baada ya hapo kuna njia mbili sambamba, F1 au R1a.

Sijaelewa hiyo R1a inafanyaje, pitia taratibu

Tangi la juu limeshuka chini ya sentimita 35, F1 imefunga, umeme umefika kwenye koili, R1 imeruka "tak". Kwa kuruka tu imefunga R1a, na R1b imeamsha R2, pampu inazunguka. Maji yanapanda. Yakipita sentimita 35 F1 inafunguka, na kama ingekuwa peke yake pampu ingezima hapohapo. Lakini R1a imeshafungwa, na umeme unaopita R1a ndio unaoishika R1 isiachie, yaani relei inajishika yenyewe. Hali inaendelea hivyohivyo mpaka maji yafike sentimita 95 na F2 ifunguke. Geti limekatika, koili imekosa umeme, R1 imelala, R1a imefunguka.

Mtu akitumia maji kidogo F2 inafunga tena, sawa, ila sasa F1 iko wazi na R1a iko wazi, njia zote mbili hazipitishi. Pampu inabaki imelala mpaka tufike sentimita 35. Ukielewa aya hizi mbili umemaliza, yaliyobaki ni ufundi wa kufunga tu.

Relei ya miguu 8 ina matundu mengi, nachomeka wapi?

Zile za miguu ya duara zinazokaa kwenye soketi, koili ni 2 na 7. Pea ya kwanza ni 1 na 3 (NO), na 4 ndiyo NC yake, yaani ule upande unaopitisha umeme relei ikiwa imelala. Pea ya pili ni 8 na 6 (NO), na 5 ndiyo NC. Kwa hiyo R1a tumia 1 na 3, R1b tumia 8 na 6. Zile za miguu bapa zina namba tofauti, na kwa vyovyote kuna mchoro ubavuni mwa relei, uangalie huo kwanza kabla hujaniamini mimi. Soma pia volti ya koili, iwe 12 DC, usije ukachukua ya 24 au ya AC kwa sababu kwa sura zinafanana kabisa.

Baadhi zina kitaa kidogo ndani kinachowaka relei ikiruka. Kizuri sana kwa kutafuta tatizo baadaye, ila hizo zinataka chanya na hasi zikae upande ulioandikwa.

Dayodi ni za nini? Bila hizo inafanya kazi vizuri tu

Itafanya kazi, kwa muda. Koili ikikatiwa umeme ghafla inatema mshtuko wa volti kubwa sana kwa kitambo kidogo, na mshtuko huo unaruka kama cheche kwenye kontakti za floti. Zile floti za sumaku ndani yake kuna vijibati viwili vyembamba kama unywele, cheche zinavichoma mpaka vinagandana au havigusani tena vizuri. Dayodi ya 1N4007 moja sambamba na koili ya R1 na nyingine sambamba na koili ya R2 zinammaliza huyo shetani. Ule upande wenye mstari mweupe unaenda kwenye chanya. Ukigeuza umepiga shoti adapta.

Kwa nini nisitumie relei moja tu, pea ya pili ibebe pampu moja kwa moja?

Nimeona michoro mingi ya hivyo na siipendi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ile namba iliyoandikwa kwenye relei. Ampia 10 ile ni ya mzigo mtulivu kama hita. Pampu ya nusu hospawa kwenye volti 230 inakula kama ampia 3 ikishachangamka, unaona kabisa 3 ni ndogo kuliko 10, unafunga. Ila wakati wa kuanza inavuta 15 hadi 20, kontakti zinagongana na kudundadunda kidogo wakati huohuo, cheche inayeyusha madini, na siku moja zinagandana. Zikigandana maana yake ni kwamba F2 imefunguka, koili imelala, na pampu bado inasukuma maji juu. Yaani kifaa ulichoweka kuzuia kumwagika ndicho kinachomwaga.

Ya pili, kwenye relei moja waya za volti 12 zinazoenda mpaka ndani ya maji zinakaa milimita chache kutoka kwenye waya za 230. Uzi mmoja ukichomoka kwenye skrubu ukagusa jirani, umepeleka 230 kwenye tangi la maji ya kunywa. Ukitumia R2 peke yake kwa pampu, unaifunga kona nyingine ya boksi, umeme mkubwa unabaki kwao na 12 inabaki kwao.

Relei ya ampia 30 ni sawa kwa pampu hadi hospawa 1 hivi. Ukipanda juu ya hapo, au pampu yako ni nzito kuanza, weka kontakta ya mota, yaani relei nzito iliyotengenezwa kwa kuwashia mota. Kama koili yake ni ya 230 basi R2 ndiyo inawasha ile koili, na kontakta inabeba pampu.

Floti ya aina gani ninunue?

Kuna mbili ambazo utakutana nazo. Ile ndogo ya sumaku, niliyoitaja, inabeba umeme mdogo sana, nusu ampia ni kwa zile nzuri, kwa hiyo usithubutu kupitisha pampu humo. Kwa koili ya relei inayokula kama miliampia 75 haina shida hata kidogo. Nyingine ni ile kubwa ya kebo, boya kama embe lenye waya mweusi mnene, ndani kuna mpira wa chuma unaobiringika na kugonga swichi ndogo boya linapoinama upande huu au ule.

Kwa mpango huu mimi nashauri F1 na F2 ziwe za sumaku, F3 iwe ya kebo. Sababu ya F3 nimeiweka kwenye swali lake.

Nitajuaje floti yangu inafunga ikiwa juu au ikiwa chini?

Kwa mita ya kupimia umeme. Weka kwenye mlio, shika floti wima, sukuma kile kiduara juu na chini usikilize. F1 inatakiwa ilie kikiwa chini (maji yameondoka) na inyamaze kikielea. F2 vilevile, ilie kikiwa chini, inyamaze kikinyanyuliwa. F3 ni kinyume, ilie boya likiwa juu, inyamaze likining'inia.

Floti ya sumaku ikiwa kinyume huhitaji kuirudisha dukani. Toa ile klipu ndogo ya mwishoni, chomoa kiduara, kigeuze juu chini, rudisha, rudisha klipu. Ya kebo kwa kawaida ina waya tatu, mmoja wa pamoja na mbili za kuchagua, ukichagua huu inafunga ikipanda, ukichagua ule inafunga ikishuka. Rangi hazitabiriki kwa hiyo tumia mita, na ule waya wa tatu usioutumia ukate na uufunike vizuri, usiuache uning'inie.

Kuna sababu F2 ifunge wakati hakuna maji? Mi naona rahisi ifunge likijaa ndo izime

Sababu ni waya kukatika. Panya akitafuna waya wa F2, au kiungo kikaoza, kwa mpango huu geti limefunguka na pampu imezima. Unakosa maji, unakuja kuangalia. Kwa mpango wako, waya ukikatika ile taarifa ya "imejaa" haitafika kamwe na maji yanamwagika usiku kucha. F3 ni hivyohivyo, waya ukikatika pampu inazima, haiungui. Ubaya wa hitilafu uchague wewe, usiuachie waya.

Hii haikuokoi floti ikikwama yenyewe chini kwa uchafu. Kwa hiyo bomba la kumwagia ziada kwenye tangi lisizibwe eti kwa sababu sasa una otomatiki, na liwe nene kuliko bomba linaloingiza.

F3 iwekwe kimo gani, na kwa nini ya kebo?

Pampu kavu inakufa kwa sili kwanza. Ile sili inapozwa na kulainishwa na maji yaleyale yanayopita, yakikosekana nyuso mbili zinasuguana kavu, zinapata joto, zinapasuka, baada ya hapo pampu inavuja kwenye shafti. Zenye impela ya plastiki hata impela inaweza kulegea kwa joto. Na si lazima tangi likauke kabisa, maji yakikaribia sana futi valvu, ile valvu ya mwisho wa bomba la kuvutia, yanaanza kuzunguka kama kwenye sinki na pampu inavuta hewa. Kwa hiyo acha angalau sentimita 20 za maji juu ya futi valvu pale pampu inapozimwa.

Sasa kuhusu aina. Tuseme tangi la chini lina kipenyo cha mita 1.3, kila sentimita ni kama lita 13. Maji yanaingia kwa kasi ya lita 5 kwa dakika, pampu inatoa 30. Umekaa siku mbili bila maji, tangi la juu limekauka kabisa, F1 imefunga muda wote. Maji yanaanza kuingia chini. Ukiwa na F3 ya sumaku, yakipanda sentimita moja pampu inawaka, inakula zile lita 13 kwa kama nusu dakika, F3 inakatika. Dakika mbili na nusu baadaye maji yamerudi, inawaka tena nusu dakika. Kila safari inapeleka juu lita 16 tu, na mpaka tangi la juu lifike sentimita 35 F1 ikafunguka, pampu itakuwa imewaka kama mara 20 ndani ya saa moja. Tatizo lilelile tulilolikimbia kule juu limerudi kwa mlango wa chini.

Ya kebo inatibu hili kwa urefu wa kamba yake. Ukibana kebo kwenye bomba ukaacha sentimita 30 huru mpaka kwenye boya, boya linapanda na kushuka kwa mwinamo wa kama digrii 45 kila upande, na kati ya kuwaka na kuzima kuna kama sentimita 40. Kwa hiyo pale ulipobana kebo pawe sentimita 40 juu ya futi valvu, inazima yakibaki 20 na inaruhusu tena yakifika 60. Sasa chini inakusanya zaidi ya lita 500 kwanza, saa moja na dakika 45 hivi, halafu pampu inafanya kazi dakika 20 mfululizo. Huo mwinamo unatofautiana kati ya boya na boya, kwa hiyo lijaribu kwanza kwenye pipa uone lako linabadilikia wapi.

Basi si niweke ya kebo juu pia, niachane na F1, F2 na R1?

Umewaza vizuri, na ndiyo, inawezekana. Floti moja ya kebo juu yenye kamba ndefu, inayofunga ikishuka, ikifuatana na F3 mpaka koili ya R2, hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Tangi likiwa pana na tupu ndani, ifanye bila wasiwasi.

Ila ili upate sentimita 60 za nafasi kamba inatakiwa kama sentimita 42, boya linafagia mduara huo wote, na kwenye tangi jembamba au lenye mabomba ndani linajinasa. Likijinasa likiwa limening'inia, pampu haizimi. Floti mbili za sumaku kwenye bomba moja hazitembei kokote, na unachagua kimo chochote unachotaka.

Nazifungaje F1 na F2 ndani ya tangi?

Chukua bomba la plastiki la nusu inchi, litundike wima kutoka kwenye mfuniko, mbali na pale maji yanapoingia maana yakimwagikia floti yanairusha juu na chini. F2 ikae sentimita 10 chini ya tundu la kumwagia ziada. Floti ya wima lazima iwe wima kweli, ikiinama kiduara kinakwama kwenye kijiti. Kila ukisafisha tangi zifute, ule utelezi wa kijani na mchanga mwembamba ndio adui yao.

Viungo vya waya visiwe ndani ya tangi hata siku moja, wala chini ya mfuniko ambako mvuke unakaa. Vutia waya mpaka nje, unganisha kwenye kiboksi kilichofungwa, waya ziingilie kwa chini ili maji yasitiririke ndani. Kuhusu unene wa waya watu wanahangaika bure. Umbali wa mita 15 kwenda na 15 kurudi kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 ni kama omu 1, na kwa miliampia 75 unapoteza chini ya sehemu ya kumi ya volti. Relei haitasikia. Nunua waya wenye ganda gumu la jua badala ya kununua mnene.

Umeme ukikatika katikati ya kujaza na ukarudi, pampu haiwaki. Nimeharibu nini?

Hujaharibu. Umeme ulipokatika R1 ililala na kusahau safari. Ukirudi, maji yako juu ya F1 lakini chini ya F2, kwa hiyo hakuna wa kuiamsha. Itasubiri mpaka maji yashuke sentimita 35. Kama unataka kujaza sasa hivi, weka batani ya kubonyeza na kuachia sambamba na F1. Bonyeza mara moja, R1 inaruka na kujishika, na bado F2 na F3 zinaisimamia.

Usiweke swichi ya "mkono" inayoruka mfumo wote na kupeleka laivu moja kwa moja kwenye pampu. Utaiwasha, utasahau, na tutarudi kulekule kwa kumwagika na kuungua.

Kabla ya kuunganisha pampu najaribuje?

Unganisha volti 12 peke yake, pampu isiwepo kabisa. F3 inyanyue kwa mkono na uifunge kamba ibaki juu. F1 na F2 ziache chini, relei zote mbili zinatakiwa ziruke. Nyanyua F1, zisiachie. Nyanyua F2, ziachie. Shusha F2 tu, zibaki zimelala. Shusha F1, ziruke tena. Zikiwa zimeruka, shusha F3, ziachie hapohapo. Ukipita hatua hizo zote ndipo uzime umeme kwenye breka na kufunga upande wa pampu. Kama huna uzoefu na 230 mwite fundi umeme kwa sehemu hiyo tu, ni waya chache. Na laini ya pampu iwe na breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30.

Relei inalia trrrrr kama kengele

Ukiwa umefunga leo, karibu kila mara umechukua NC badala ya NO kwenye R1a na ukapitishia njia ya koili humo. Ikiruka inajikatia umeme, inalala, inajirudishia, inaruka, mara nyingi kwa sekunde. Kama ilikuwa nzima na imeanza sasa, pima adapta ikiwa na mzigo, relei ya 12 huhitaji kama 9.6 ili iruke vizuri na adapta iliyochoka inashuka chini ya hapo ikibebeshwa. Koili mbili zinakula kama miliampia 150, adapta ya nusu ampia inatosha na ya ampia 1 ina nafasi nzuri.

Pampu inawaka lakini inazima baada ya dakika chache, tangi liko robo tu

Angalia maji yako wapi inapozima. Kama ni palepale F1 inapoelea, R1a haishiki, waya umelegea au uko kwenye mguu usio wake. Kama ni mahali popote bila mpangilio, nenda tangi la chini, uwezekano mkubwa F3 inafanya kazi yake na wewe huna maji.

Tangi limejaa na pampu haizimi!

Zima breka kwanza. Halafu chomoa adapta ya volti 12 na urudishe breka kwa sekunde mbili tatu. Pampu ikiwaka wakati adapta haipo, kontakti za R2 zimegandana, tupa hiyo relei, usiigonge na bisibisi ikaachia ukairudisha kazini, itaganda tena. Pampu isipowaka, R2 ni nzima na tatizo liko upande wa floti: adapta ikiwa bado imechomolewa, weka mita kwenye mlio kwenye waya mbili za F2, panda juu, nyanyua F2 kwa kidole. Mlio ukinyamaza ni uchafu au imeinama. Usiponyamaza, waya zake mbili zimegusana mahali au vijibati vyake vimegandana.

Haiwaki kabisa, nianzie wapi?

Mita kwenye volti za DC, mshikio mweusi kwenye 0V, mwekundu unatembea: baada ya adapta, baada ya F3, baada ya F2, baada ya F1. Pale volti 12 inapopotea, kitu ulichokipita mwisho ndicho. Ikifika mpaka koili na relei hairuki, koili imekatika. R1 ikiruka na R2 isiruke, angalia R1b. Zikiruka zote na pampu kimya, hapo ni upande wa 230, breka, kapasita au mota.

F3 inanilinda na kila aina ya pampu kavu?

Hapana. F3 inajua kimo cha maji ya tangi la chini tu. Futi valvu ikivuja na maji ya bomba la kuvutia yakarudi, au bomba hilo likipata tundu likavuta hewa, au mtu amefunga koki, tangi linaweza kuwa limejaa pomoni na pampu inazunguka kavu huku F3 imetulia inasema kila kitu sawa. Ukitaka kuliziba hilo unahitaji swichi ya mtiririko kwenye bomba la kutokea, pamoja na kitaimu cha kuipa pampu muda wa kuanza kabla haijahukumiwa. Ni kazi nyingine. Kwa wengi inatosha kujua dalili: mlio wa pampu unakuwa mwepesi, bomba la juu halitikisiki, na mwili wa pampu unapata moto ukiushika.

Kwenye kisima kirefu chembamba F3 inaingia?

Boya la kebo halina nafasi ya kuinama humo, usijaribu. Huko wanatumia vijiti vya chuma vinavyogundua maji kwa umeme mdogo wa AC. AC kwa sababu ukitumia DC chuma kinalika, ukaja kuuliza mbona sensa imekufa baada ya miezi michache.